Dimbwi halitatokea Uyole: namna Sekela angeyafuata maji yanayovuja

*Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Uyole, Mbeya. Naandika hadithi fupi ya kusomwa na wanafunzi wangu wa kidato cha pili. Binti anayeitwa Sekela, miaka 14, anaona dira ya maji inazunguka wakati koki zote zimefungwa, anafuatilia mpaka anapata maji yanakovujia. Nimeandika kwamba anakuta dimbwi uani, basi; rasimu nimekutumia. Mume wangu kasoma akasema hiyo ni rahisi mno. Je, mtoto anaweza kweli kugundua mwenyewe bila vifaa vya kitaalamu? Afanye nini, na maji yawe yanavujia wapi?*

Habari ni njema, Mwalimu. Mtoto anaweza, tena vizuri kuliko mafundi wengi, kwa sababu kazi hii inataka subira na hesabu za darasa la tano. Mafundi wengi hatuna subira. Mumeo naye yuko sahihi, ila mimi ningelitoa lile dimbwi kwa sababu nyingine: kwa Uyole halina ukweli.

Unaujua udongo wa kwenu. Ni majivu ya volkano na vile vijiwe vyepesi vyenye matundu, vilivyorushwa na milima ya Rungwe na Ngozi zamani hizo. Udongo huo unakunywa maji. Mwagia ndoo nzima uani mwezi wa tisa, ukirudi baada ya dakika chache hukuti kitu. Bomba lililofukiwa nusu mita likitoa maji kidogo kidogo, maji yale yanashuka chini, hayapandi juu. Kwingine, kwenye mfinyanzi, ungepata tope na majani mabichi katikati ya ukavu. Kwenu bomba linaweza kuvuja mwaka mzima na uani kukabaki vumbi tupu. Hapo ndipo hadithi yako inapata uzito: hakuna kinachoonekana, ushahidi wote uko ndani ya kile kidude cha duara karibu na geti.

Basi iweke hadithi mwanzoni mwa Septemba, mvua zikiwa zimekatika zamani. Bili imekuja. Kwa kawaida nyumba yao, ya mama, bibi, Sekela na kaka yake, inatumia uniti 11 kwa mwezi. Safari hii imeandikwa 33. Mama anasema kilichoko kwenye ulimi wa kila mteja: "Mita imeharibika, inakimbia." Anamtuma Sekela akasome namba, aone kama zinafanana na za kwenye bili.

Mfanye aikute dira kama ilivyo kweli. Kuna namba nyeusi. Hizo ni uniti kamili, na uniti moja ni lita 1,000. Chini yake kuna vijishale vyekundu, kila kimoja na duara lake, na pembeni ya kila duara pameandikwa kizidishio. Penye `x0.0001` mshale ukimaliza mzunguko mmoja imepita lita moja. Penye `x0.001` mzunguko mmoja ni lita kumi. Halafu katikati, au pembeni kidogo kutegemea aina ya dira, kuna kinyota ambacho hakina namba yoyote. Hicho ndicho mhusika wako mkuu baada ya Sekela. Kazi yake ni kuzunguka haraka hata maji yakiwa machache mno, ili jicho lione mwendo ambao kwenye mishale mikubwa hauonekani.

Sekela ananakili namba. Wakati anafunika kifuniko anakiona kinyota kinazunguka. Anapiga kelele: "Mama, nani kafungua maji?" Mama anajibu toka jikoni kwamba hakuna. Hapa, Mwalimu, umeandika kwamba anajua papo hapo kuna bomba limepasuka. Mzuie. Hapa pana mtego ambao hata watu wazima hunasa.

Koki zote zimefungwa, lakini nyumba yenye tenki juu ya mnara ina koki moja ambayo hakuna anayeifunga kwa mkono: boya. Kama mama alifua nguo asubuhi, tenki linajaa saa hizo, na dira itazunguka ingawa kila mtu ameapa hajagusa kitu. Boya halifungi kwa mara moja. Maji yanapokaribia juu linaziba taratibu, kwa hiyo mtiririko unapungua, unapungua, na kile kinyota kinaweza kuendelea kuzunguka muda mrefu kabla hakijatulia. Mtu akikitazama kwa nusu dakika tu atatangaza uvujaji ambao haupo. Ningependa Sekela aangukie hapo. Aite watu wote waje waone, kaka yake apande ngazi ya mnara, afunue tenki, na aseme kwa kejeli kwamba linajaa tu.

Mtoto mwingine angeishia hapo kwa aibu. Sekela arudi jioni, tenki likiwa limejaa na boya limeshafunga, akae tena kwenye dira. Kinyota bado kinazunguka, polepole kuliko mchana, na safari hii mwendo wake haupungui. Hiyo ndiyo alama ya kutafuta. Tenki linalojaa hupunguza mwendo wa dira kila dakika. Choo kinachovuja kinacholishwa na tenki huizungusha kwa vipindi: inakwenda, inasimama, inakwenda tena kila maji ya tenki yanaposhuka kidogo. Tundu kwenye bomba lenye presha ya moja kwa moja haliji wala haliondoki, linakwenda mwendo uleule dakika hadi dakika.

Sasa mpe simu ya mama yenye saa, daftari na kalamu. Asubiri mshale wa `x0.0001` upite kwenye sifuri, aanze kuhesabu, asubiri upite tena. Dakika mbili. Arudie. Dakika mbili tena, pengine na sekunde moja au mbili. Kisha, kwa kuwa ni mtoto makini, aandike namba zote kuanzia nyeusi mpaka mshale mdogo kabisa, aende akale, arudi baada ya saa moja. Zimeongezeka lita 30. Kipimo kirefu kimekubaliana na kifupi.

Hapa andika hesabu yote, usiwaonee huruma wanafunzi. Lita 30 kwa saa, kwa saa 24 ni lita 720. Bili ile ilikuwa ya tarehe 25 Julai hadi 25 Agosti, yaani siku 31. Lita 720 mara 31 ni lita 22,320. Hizo ni uniti 22 na kidogo. Bili imepanda kutoka 11 hadi 33.

Mimi hapa ndipo ningeweka kilele cha hadithi, si pale maji yanapopatikana. Kwa hesabu ile Sekela anajua mambo mawili ambayo hakuna mtu mwingine nyumbani anayeyajua. La kwanza, dira haidanganyi: tundu moja tu linatosha kueleza ongezeko lote. Kama angepata lita 10 kwa saa, ingekuwa uniti saba na kidogo, na angelazimika kumtafuta mwizi wa pili. La pili, tundu hilo lilikuwepo karibu tangu mwanzo wa kipindi cha bili, wala halikuanza juzi. Akipenda amwambie mama: "Mita haikimbii. Sisi ndio tunamwaga ndoo 36 kila siku." Ndoo ya lita 20, mara 36, ni zile lita 720.

Mama hataamini, na ana haki. Kwa hiyo kabla ya kwenda popote Sekela aifunge koki iliyo mara tu baada ya dira, upande wa nyumbani. Kinyota kikisimama kimya, dira ni nzima na maji yanapotelea mbele yake. Kikiendelea kuzunguka, ama ile koki haifungi sawasawa ama dira ina kasoro, na hapo ni kuwaita mamlaka ya maji. Kwenye hadithi yako kisimame. Sentensi mbili zinatosha.

Kutoka kwenye dira mpaka maji yanapotoka kuna uwanja mzima wa kutafuta, na mafundi wasio na mpango ndipo wanapoanza kuvunja vigae vya bafuni. Anachotakiwa Sekela ni kuligawa bomba sehemu mbili kwa kufunga valvu zilizopo. Mpe ramani hii: dira iko kwenye uzio karibu na geti. Kutoka hapo bomba jeusi la plastiki la robo tatu inchi limefukiwa uani kama mita 25 mpaka ukuta wa jiko. Njiani linapita kwenye koki ya uani, ile iliyosimama kwenye bomba la chuma, wanakochotea maji ya kumwagilia mboga. Kwenye ukuta wa jiko kuna geti valvu, na baada yake ndiyo nyumba yote: jiko, bafu, choo na bomba linalopanda tenkini.

Aifunge ile geti valvu, arudi kwenye dira mbio. Ikisimama, tatizo liko ndani ya nyumba au tenkini. Ikiendelea, liko uani.

Lakini mfanye asiiamini valvu haraka. Geti valvu iliyokaa miaka bila kuguswa hukusanya kutu na uchafu chini, ukizungusha inakaza mkononi ukadhani imefunga kumbe ina upenyo. Njia ya kuijaribu ni rahisi. Akishaifunga, afungue koki ya jikoni inayopata maji moja kwa moja kutoka bombani. Maji yaliyobaki yatatoka, yatapungua, kisha yakatike kabisa. Yakiendelea kutiririka hata uzi mwembamba, valvu haijafunga na jaribio lake halina maana. Maji ya kwao yakatike. Halafu arudi getini akute kinyota kiko vilevile, lita moja kwa dakika mbili.

Nikwambie ukweli kidogo pembeni. Katika nyumba nyingi ninazoitwa, jibu lingekuwa ndani, na lingekuwa choo. Mpira wa chini ya tanki la choo ukichakaa, maji hupita kimya kimya kwenye bakuli, na hakuna anayeyasikia. Mtu anatia rangi ya chakula kwenye tanki la choo, anakaa dakika ishirini bila kuvuta maji, akiona rangi kwenye bakuli amemaliza upelelezi. Hadithi ya choo ingekuwa ya kawaida zaidi, ila ingeisha ukurasa wa pili. Kwa kuwa umeniuliza maji yavujie wapi, mimi nayatoa nje.

Sasa ana mita 25 za vumbi. Atumie masikio. Maji yakitoka kwa presha kwenye tundu dogo hufanya mlio wa "shhh", na mlio huo husafiri ndani ya chuma vizuri sana. Kwenye plastiki unafifia upesi. Lakini mchana Uyole hausikii kitu. Nyumba ikiwa karibu na njia panda, pale barabara ya kwenda Tukuyu inapoachana na ile ya Iringa, malori yananguruma kutwa. Mtoe alfajiri, saa kumi na nusu, baridi ile ya Mbeya, kajifunika khanga ya bibi. Saa hizo kuna faida nyingine: watu wamelala, matumizi ya mtaani ni madogo, presha bombani iko juu, na tundu linapiga kelele zaidi.

Kifaa chake ni bisibisi ndefu. Ncha aiweke kwenye chuma, mpini aubane kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Aanzie kwenye dira: kimya, au mlio hafifu mno. Aende kwenye valvu ya jikoni: hafifu. Aende kwenye koki ya uani: hapo ausikie wazi, kama mafuta ya kukaangia maandazi yanavyoanza kuchemka. Ashtuke, aondoe bisibisi, aiweke tena.

Kuna kitu hapa ambacho msomaji makini atakiuliza, kwa hiyo Sekela akiulize kwanza. Koki ya uani inasimama kwenye chuma. Je, inasikika zaidi kwa sababu tundu liko karibu, au kwa sababu tu ni chuma na kule kwingine ni plastiki? Swali zuri, na bisibisi peke yake haiwezi kulijibu. Dira na valvu navyo ni vya chuma, lakini vimeunganishwa kwa plastiki pande zote. Mlio unaofika kwenye koki ya uani ukiwa na nguvu namna ile unaonyesha kwamba kuna chuma kinachoendelea mpaka karibu na tundu lenyewe. Kwenye ramani anayoijua yeye, chuma kingine hakipo.

Amwendee bibi.

Mwalimu, hii ndiyo sehemu ninayokuomba usiikate hata wahariri wakikulazimisha. Uvujaji wa uani unaosumbua kuliko wote ni wa bomba ambalo wenye nyumba wamelisahau. Watu wanajenga, wanahamisha jiko, wanauza ng'ombe, wanaziba mdomo wa bomba na kufukia. Bomba halijui kwamba limestaafu. Presha imo ndani yake usiku na mchana, miaka nenda rudi. Na ramani yake haiko kwenye karatasi yoyote, iko kwa mzee.

Sekela amwulize bibi kama babu aliwahi kuweka bomba jingine pale uani. Bibi afikiri kidogo. "Pale penye banda la kuku palikuwa na hori la ng'ombe, mjukuu wangu. Babu yako alivuta maji mpaka horini, alichoka kubeba ndoo." Ng'ombe waliuzwa, hori likavunjwa, babu akaweka plagi kwenye mdomo wa bomba akafukia. Kutoka koki ya uani mpaka banda la kuku ni kama mita sita. Bomba la chuma, nusu inchi.

Kwa nini lioze sasa, baada ya miaka yote? Wanafunzi watauliza. Pale mwisho wa bomba ndipo palipokuwa na zizi. Mkojo na samadi ya ng'ombe vimeulowesha udongo ule miaka mingi, na baadaye mbolea ya kuku ikaja juu yake. Udongo wenye chumvi na samadi unakula chuma haraka kuliko udongo mtupu. Na bomba la chuma huanza kuliwa pale palipokatwa nyuzi za kufungia plagi, kwa sababu mashine ya nyuzi imeshapunguza unene wa ukuta wake na tabaka la zinki limeondoka. Kutu inakula kwenye mfereji wa uzi mmoja mpaka inatoboa. Tundu lisiwe kubwa. Tundu la milimita moja, presha ikiwa sawa na ya maji yaliyosimama kimo cha mita 30 hivi, hutoa kama lita 40 kwa saa. Sekela ana lita 30, kwa hiyo lake ni dogo kuliko milimita moja, unene wa waya mwembamba. Ukiandika kwamba bomba "limepasuka" umeiharibu hesabu yote uliyoijenga.

Kuthibitisha, asichimbe mara moja. Achukue kipande cha nondo ya milimita 10, urefu wa mita moja, na kaka yake ashike nyundo. Waipige ardhini taratibu, kina kisizidi futi moja na nusu. Kwanza wahakikishe hakuna waya wa umeme uliofukiwa kwenda bandani, na hilo mama aulizwe, wasikisie. Wapige pia kando ya mstari ambao bibi ameuonyesha, si juu yake, wasije wakatoboa bomba lenyewe. Karibu na koki ya uani nondo itoke na vumbi kavu. Katikati, vumbi. Pembeni ya banda la kuku ncha itoke nyeusi, imelowa, na udongo umeganda juu yake. Mwezi wa tisa, Uyole, udongo uliolowa futi moja chini hauna sababu nyingine. Mama aushike kwa vidole.

Sasa tu ndipo fundi aitwe, na usimfanye mjinga wala shujaa. Afunge koki ya dira, achimbe penye ncha iliyolowa, aikute plagi imevaa kutu kama uyoga na maji yaliyobaki yakichuruzika. Atataka kubadilisha plagi ile tu, maana ni kazi ya nusu saa. Sekela, au bibi, amwulize kwa nini wabakize mita sita za chuma kilichooza kwa ajili ya ng'ombe ambao hawapo. Jibu sahihi ni kurudi kwenye koki ya uani, kuifukua tii, kile kiungo cha njia tatu kilicho chini yake, kulikata tawi lile pale pale na kuziba mdomo wa tii kwa plagi mpya yenye tepu ya nyuzi. Kuziba mwisho wa tawi lililokufa ni kungoja tundu jingine mita moja nyuma yake.

Shimo lisifukiwe siku hiyo. Fundi ageuke kuondoka, Sekela amwambie angoje. Wafungue koki ya dira polepole. Hewa iliyoingia bombani itazungusha kinyota kidogo, wasiogope, waitoe kwa kufungua koki ya uani mpaka maji yatoke bila kukohoa. Wafunge kila kitu pamoja na geti valvu ya nyumba, ili tenki lisiwachanganye tena. Kinyota kisimame. Usiku Sekela apige picha ya dira kwa simu ya mama, alfajiri kabla mtu hajawasha jiko apige nyingine, aziweke pamoja alinganishe mpaka mshale wa mwisho. Kipimo cha usiku kucha kinazidi kutazama kwa macho, maana mwendo wa polepole mno hujionyesha asubuhi. Hata hivyo dira za kawaida haziyaoni maji machache sana yanayopita taratibu, na kinyota kinaweza kusimama huku koki inadondosha tone tone. Tone la koki halitajaza bili, lakini fundi asipewe sifa ya kuziba kila kitu wakati kilichozibwa ni tundu moja.

Kuhusu pesa, mama asiende mamlaka ya maji kudai kwamba ameibiwa. Kwa kawaida bomba kabla ya dira ni la mamlaka, baada ya dira ni la mteja, na maji yaliyopita kwenye dira yanahesabiwa ni yake hata yakinywewa na ardhi. Akienda na picha, daftari la Sekela na kile kipande cha bomba kilichotoboka, anaweza kuomba kulipa deni kwa awamu. Hiyo ni hoja ya mtu mwenye ushahidi, na watamsikiliza vizuri zaidi.

La mwisho ni kosa lililo kwenye rasimu yako ya ukurasa wa nne, ulipoandika kwamba bili iliyofuata ilirudi kuwa uniti 11 na nyumba nzima ikashangilia. Haiwezi. Dira inasomwa tarehe 25. Kama tundu limezibwa tarehe 11 Septemba, tangu 25 Agosti zimepita siku 17 za kuvuja, lita 720 kila siku, yaani uniti 12 na kidogo juu ya zile 11 za kawaida. Bili ya Septemba itakuja na uniti 23. Mama ataifungua, ataona 23, ataita jina la Sekela kwa sauti ile unayoijua. Na Sekela itabidi achukue daftari upya, aketi naye jikoni, amwonyeshe siku 17 moja moja. Uniti 11 ataziona mwezi wa kumi, si kabla.